Kutumiana picha za faragha: watoto wanafanya kwa nini, na mzazi aanzie wapi kuongea

Watoto wenyewe hawana jina rasmi la hiki kitu, wao wanasema tu "nitumie picha" na wote wawili wanajua ni picha ya aina gani. Wataalamu wanaita seksting, yani kutumiana kwa simu meseji, picha au video za faragha za mwili na mpenzi au mtu anayekaribia kuwa mpenzi. Inaweza ikawa maneno matupu ya usiku, inaweza ikawa picha ya utupu. Na ikivuja, mtaani tunaiita koneksheni, na hapo ndo wazazi wengi wanasikia habari hii kwa mara ya kwanza wakati jambo limeshaharibika.

Mi ni mwalimu wa malezi hapa Dodoma, nimekaa na wanafunzi wa sekondari zaidi ya miaka kumi, na kesi za picha zinakuja kwangu karibu kila baada ya likizo. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo mtoto anakaa wiki kumi na kitu bila kuchati, anaandika barua za kukunja, halafu likizo inafika anashika simu ya mama na bando la usiku, na mapenzi yote ya muhula mzima yanahamia pale ndani ya siku chache.

Sasa kwa nini wanatuma. Mzazi akisikia anafikiria tamaa, au kwamba mtoto kaharibika, lakini nikikaa na binti akatulia akaongea, tamaa ni sehemu ndogo sana. Kinachokuja mara nyingi ni hiki: "alisema kama namwamini nitume". Picha inakuwa kama rehani ya uaminifu. Wako mbali, mmoja yuko Nkuhungu mwingine karudi kwao Kondoa, hawawezi kuonana, na kijana anaogopa kwamba kuna mwingine, binti anaogopa kuachwa, basi picha inakuwa ndo uthibitisho kwamba bado tuko pamoja. Wengine wanatuma kwa kupenda wenyewe kabisa, wanaona ni utani wa wapenzi, na hao nao wapo, tusijidanganye kwamba kila aliyetuma kalazimishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire kule Marekani mwaka 2011 walipitia kesi nyingi za polisi wakazigawa mafungu mawili, kuna za kujaribu tu mapenzi kati ya watoto wenyewe kwa wenyewe, na kuna zenye ubaya ndani yake, yani mtu mzima kahusika, au vitisho, au kusambaza kwa makusudi. Huo mgawanyo unanisaidia sana kwa sababu mzazi akikuta picha, swali la kwanza linakuwa hili ni fungu gani, kelele zinaweza kusubiri.

Na kuna suala la umri wenyewe. Ubongo wa mtoto wa miaka 15, ile sehemu inayochemka kwa raha na hisia imeshakomaa mapema kuliko ile ya kusimamisha na kupima, ambayo inaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu. Mchana ukimuuliza atakwambia kabisa ni hatari, atakuhutubia mpaka ushangae, ila saa tano usiku mpenzi kanuna hajibu meseji, ule ujuzi wa mchana haupo. Ndo maana kumwambia tu "usitume" hakusaidii sana, sababu usitume yako ilisemwa mchana na picha inaombwa usiku.

Nitakupa kesi moja, nimebadilisha vitu vidogo asijulikane, tumuite Neema, yuko kidato cha tatu. Likizo ya mwezi wa sita alikuwa anatumia simu ya mama yake. Akapiga picha, akamtumia kijana wa kidato cha nne, akaifuta kwenye chati, akaifuta na kwenye galari, akaona kamaliza. Wiki mbili baadaye mama anatafuta picha za kipaimara za mdogo wake Neema kwenye Google Photos, anakutana nayo. Bakapu ilishaichukua zamani kabla haijafutwa kwenye simu.

Mama yule alikuja kwangu akitetemeka. Kitu alichofanya vizuri ni kimoja tu lakini kilibeba vyote, hakumwita mtoto palepale. Alilala nalo usiku mmoja. Kitu alichotaka kukosea, na nikamzuia akiwa ameshafungua simu, ni kumtumia dada yake wa Singida ile picha "aone mwenyewe hali halisi". Naomba hapa mnielewe vizuri wazazi wenzangu. Neema ni mtoto kisheria, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto, na ilivyopitishwa adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50 au jela isiyopungua miaka saba au vyote viwili. Kumtumia dada, shangazi, au kuitupa kwenye grupu la familia kuomba ushauri, huko nako ni kuisambaza. Ukitaka ushauri eleza kwa mdomo, picha haitakiwi.

Kesho yake waliongea. Hawakukaa sebuleni mbele ya baba na wadogo, walikuwa wanachambua mchele nyuma ya nyumba, mikono inafanya kazi na macho yako chini, na hiyo nashauri kila mzazi, mtoto anaongea zaidi akiwa hakuangalii usoni. Mama akaanza hivi: "Mama, nimeona picha yako kwenye simu. Sijamwonyesha mtu. Sikupigi na sikufukuzi. Nataka kujua vitu viwili tu, aliyenayo ni nani, na kuna mtu anakutisha?"

Neema akalia kwanza, muda mrefu tu, mama akaendelea na mchele. Halafu akasema ni kijana wa shuleni, hajamtisha, ila alimuomba mara nne, siku mbili mfululizo, na mara ya tatu alisema basi tuachane. Ona hapo, ile sentensi moja ya "kuna mtu anakutisha" ndo imefungua mlango, na kama mama angeanza na "umetuaibisha" angepata kimya, na ndani ya kimya hicho mtoto wa namna hii akitishwa kesho atalipa. Nimeona watoto wakiiba hela ya sabuni kumtumia mtu anayewatisha, kwa sababu kumwogopa mzazi kulikuwa kukubwa kuliko kumwogopa yule wa kwenye simu.

Baada ya hapo ndo wakaongelea hatari, na mama hakuhubiri, alimfuatisha ile picha inavyotembea. Ikitoka kwenye simu ya mama inaingia simu ya kijana, na kijana naye ile simu ni ya kaka yake. Inaingia galari yake, inaingia bakapu yake. Simu ikipasuka kioo inaenda kwa fundi na namba ya siri anapewa fundi. Ikiuzwa mtumba inaondoka na vilivyomo kama haikusafishwa. Futa kwa wote ya WhatsApp ina ukomo wa kama siku mbili na nusu hivi, na mwenzio akiwa ameshaihifadhi haimgusi. Ile ya kuona mara moja inazuia skrinshoti, lakini haizuii simu ya pili kupiga picha kioo. Mtoto akielezwa hivi anaelewa kwa sababu anazijua hizo simu na huyo kaka na huyo fundi, na mpenzi wake hahitaji kuwa mtu mbaya ili picha ifike mbali, hapo ndo wengi wanashtuka kweli.

Na ni vizuri mzazi asitie chumvi. Kuna uchambuzi uliochapishwa 2018 kwenye jarida la JAMA Pediatrics, uliunganisha tafiti 39 zenye vijana zaidi ya laki moja na elfu kumi wa nchi mbalimbali, ukakuta kama mmoja kati ya saba ameshatuma na zaidi kidogo ya mmoja kati ya wanne ameshapokea, na kama asilimia 12 walikuwa wamesambaza ya mwenzao bila ruhusa. Kwa hiyo ukimwambia mtoto kila picha lazima ivuje anajua unadanganya, ana rafiki aliyetuma na haikuvuja. Mwambie ukweli, kwamba nyingi hazivuji, na ikivuja hakuna wa kuirudisha.

Mwisho wakatengeneza sentensi ya usiku. Hii nawafundisha wanafunzi wote, uwe na jibu lililo tayari ambalo halihitaji kufikiri na halimvunji mwenzio. Neema alichagua "simu ya mama na anaipekua, siwezi", na mama akakubali kuwa mzazi mkali wa kusingiziwa. Inafanya kazi kuliko mahubiri yote. Na wakakubaliana akimjibu kijana kuhusu ile iliyopo iwe fupi: naomba uifute galari na bakapu, mama anajua.

Ingekuwa kuna vitisho mambo yangebadilika. Hapo usilipe hata shilingi, sababu anayelipwa anarudi. Usifute chati kwa hasira, piga skrinshoti za maneno ya vitisho, namba na jina la akaunti, ndo umbloki, na uende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116 ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na ni bure. Kuna pia Take It Down, takeitdown.ncmec.org, ni kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako, inatengenezwa alama yake tu na mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia kuitambua na kuizuia. Ndani ya chati za WhatsApp haifiki kwa sababu zimefungwa kwa siri, kwa hiyo kwenye magrupu bado ni kuongea na watu.

Kilichoniuma kwenye kesi hii ni kwamba mama ana na mtoto wa kiume, kidato cha nne, na hakuwahi kufikiria kumwambia chochote. Mikoa yetu hii bibi na shangazi wanamkalisha binti, wa kiume anaachwa ajue mwenyewe. Nikamwomba aongee naye. Alirudi kunisimulia, kijana alimjibu, "sasa mama mi nimeomba tu, sijamlazimisha". Mama akamuuliza, umeomba mara ngapi? Akasema kama tano. Mama akamwambia mtu akikuomba hela mara moja ukamwambia huna, akarudi mara tano kwa siku mbili na kukwambia urafiki basi, hiyo bado unaita kuomba? Kijana akanyamaza, akaenda kukaa nje. Usiku akaja jikoni akamuuliza mama yake, bila kumtazama, bakapu inafutwaje.