Kwanini mfuko wa saruji unaanguka kama puto?

"Nimeanimeti mpira wa chuma unadondoka kwenye Blender, rangi ya chuma, kivuli kipo, ila ukianguka unaonekana mwepesi kama puto. Nikiuchelewesha ndo unazidi. Nakosea wapi?"

Pole, ila umenikumbusha mbali, mi kosa hilo nililifanya kwenye kazi ya kulipwa kabisa. Tangazo la saruji, mfuko wa kilo 50 unadondoka sakafuni, mteja akaangalia mara moja akasema "mbona kama unashuka na lifti". Nikajiambia kitu kizito si kinakwenda taratibu, nikaongeza fremu za kuanguka kutoka 12 mpaka 24, bas nikaharibu kabisa.

Uzito hauamui kitu kinaanguka haraka kiasi gani. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja kule mwezini, ambako hakuna hewa, vikafika chini pamoja. Huku kwetu hewa inamshika unyoya lakini tufe la chuma na jiwe dogo ukiviachia kutoka usawa wa kifua vinatua sawasawa tu. Kutoka mita 1.2 kitu kinachukua karibu nusu sekunde, yaani fremu 12 kama unafanya kazi kwa fremu 24 kwa sekunde. Sasa mi nilipoweka 24 nilikuwa nimepunguza mvutano mpaka robo ya wa duniani, na wa mwezini ni kama moja ya sita, kwahiyo mfuko wangu ulikuwa umeshahamia karibu na mwezi. Jicho la mtu halijui hesabu ila limeona vitu vikianguka tangu utotoni, halidanganyiki kirahisi.

Tatizo la kwanza basi sio idadi ya fremu, ni spesingi, yaani kitu kinasogea umbali gani kati ya fremu moja na nyingine. Wachoraji wa animeshen za karatasi walikuwa wanachora mstari pembeni ya karatasi na kuukata kwa vijistari, pale vijistari vinapobanana kitu kinakwenda polepole, vinapoachana kinakwenda kasi. Kwa kitu kinachoanguka, gawanya zile fremu 12 mara nne, kila kipande fremu 3, na umbali unakwenda kwa 1, 3, 5, 7. Jumla yake 16, kwahiyo mita 1.2 ukigawa kwa 16 unapata sentimita 7.5, na mpira utashuka 7.5, halafu 22.5, halafu 37.5, halafu 52.5. Angalia hapo: nusu ya muda imeisha na mpira umeshuka robo tu ya safari, robo tatu zote zinakuja mwishoni.

Blender haikupi hivyo. Ukiweka kii, yaani alama ya kitu kiwe wapi kwenye fremu fulani, ya juu fremu ya 1 na ya chini fremu ya 13, yenyewe inaweka vishikio vya kupindia mstari vya aina ya Auto Clamped, na kavu, yaani ule mstari wa mwendo kwenye grafu, inalala juu na inalala tena chini, kama herufi S iliyonyooshwa. Maana yake mpira unaanza taratibu, sawa, lakini pia unafunga breki kabla ya kugusa sakafu. Fremu ya mwisho kabla ya kutua inasogea kama sentimita 2 tu, wakati mpira wa kweli hapo ungesogea 19. Hiyo ndo lifti aliyoiona mteja wangu, na ndo puto lako.

Dawa iko Graph Editor, kwenye kavu ya Z Location, yaani ya kimo. Mi huwa naweka origin chini kabisa ya mpira ili Z 0 iwe ndo kugusa sakafu, inapunguza kichwa kuuma. Chagua kii ya chini, bonyeza V, chagua Free, halafu bonyeza N ufungue tab ya F-Curve uandike namba za vishikio badala ya kuvuta kwa mausi. Kishikio cha kulia cha kii ya juu kiweke fremu ya 5, Z 1.2, yaani kimelala kabisa. Kishikio cha kushoto cha kii ya chini kiweke fremu ya 9, Z 0.8. Theluthi ya muda kila upande, na theluthi mbili za kimo kwa kile cha chini, hapo kavu inakuwa ya mvutano kamili sio ya kukadiria. Kama mvivu, chagua kii ya juu, bonyeza T uweke Quadratic, kisha Ctrl+E uchague Ease In, unapata kitu kilekile. Ila angalizo kwa mliotoka After Effects: kule Easy Ease In inapunguza mwendo wakati wa kuingia kwenye kii, huku Ease In inaanza polepole halafu inakaza, ni kinyume, na imeshawachanganya wengi.

Sasa kuanguka kumekaa sawa, lakini bado hujasema kama ni chuma au plastiki, kwasababu mpaka hapo vyote vinafanana. Uzito unasomeka baada ya kugusa. Mpira wa tenisi ya mezani kwa sheria za mchezo ukiachiwa kutoka sentimita 30 unatakiwa kuruka kama 23 kwenye meza, yaani unarudisha asilimia 77 ya kimo. Muda wa kuruka unafuata kipeuo cha pili cha hiyo namba, kama 0.875, kwahiyo kuanguka kwa fremu 12 kunafuatiwa na mruko wa fremu 21 kwenda na kurudi, halafu 18, halafu 16. Miguso inakuwa fremu ya 13, 34, 52, 68, na pale inapogusa kavu inachongoka kama V, hailali hata kidogo. Vilele ndo vinalala.

Tufe la chuma kwenye sementi mi nalipa mruko mmoja wa moja ya kumi na sita ya kimo, sentimita 7.5. Hapo muda unakuwa robo: fremu 3 kupanda, 3 kushuka, linagusa 13, linafika juu 16, linatulia 19. Mruko wa pili ungekuwa nusu sentimita na hauzidi fremu mbili, usihangaike nao. Ukiona tufe lako limeruka mara tatu, limeshakuwa plastiki, hata ukilipaka kutu.

Na puto lenyewe? Hilo hewa inalishika mapema, linaongeza kasi kidogo tu halafu vijistari vinakuwa sawa kwa sawa mpaka chini. Kwenye grafu ni kona fupi halafu mstari ulionyooka, Linear. Ukiona kavu yako ya chuma ina kipande kirefu kilichonyooka, umetengeneza puto.

Ule mfuko wa saruji nilirudisha fremu 12, nikachonga kii ya chini, nikafuta mruko wote maana mfuko haurudi juu, na kamera ikatikisika kwa fremu mbili kuanzia ya 13. Vumbi nikalichelewesha fremu moja. Mteja akauliza kama nimebadilisha modeli.