Medali mbili juu ya medali tatu: jedwali la Olimpiki linavyosomwa

Michezo ya Olimpiki ya Paris ilipomalizika Agosti 2024, Uganda ilikuwa na medali mbili: dhahabu ya Joshua Cheptegei katika mbio za mita 10,000 na fedha ya Peruth Chemutai katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Jedwali liliiweka katika nafasi ya 55, huku Jamhuri ya Dominika, iliyokuwa na medali tatu, ikiwa ya 59. Jirani yangu hapa Kampala alilitazama jedwali hilo kwenye simu, akasema aliyelipanga hajui kuhesabu.

Dhana: Jedwali lilikosewa, kwa kuwa tatu ni zaidi ya mbili.

Ukweli ni kwamba jedwali hilo halijumlishi medali, bali hupanga nchi kama kamusi inavyopanga maneno. Katika kamusi, herufi ya kwanza ndiyo huamua, na ya pili huangaliwa pale tu ya kwanza inapolingana. Vivyo hivyo hapa: dhahabu hulinganishwa kwanza, zikilingana hutazamwa fedha, na fedha nazo zikilingana ndipo hutazamwa shaba. Uganda na Jamhuri ya Dominika zilikuwa na dhahabu moja kila moja, lakini Uganda ilikuwa na fedha moja na mwenzake hakuwa nayo. Hapo ulinganisho uliishia, na shaba mbili za Jamhuri ya Dominika hazikufikiwa hata kidogo. Hata pengo la nafasi nne kati yao lina sababu yake: Botswana, Chile na Saint Lucia nazo zilikuwa na dhahabu moja na fedha moja bila shaba, kwa hiyo nchi nne zilishirikiana nafasi ya 55, na inayofuata ikahesabiwa ya 59.

Dhana: Kutanguliza dhahabu ni kuipa tu uzito mkubwa kidogo kuliko medali nyingine.

Sivyo, na hapa ndipo wengi wetu hatutazami kwa makini. Utaratibu huu hauna kiwango cha kubadilishana: hakuna idadi yoyote ya fedha au shaba inayoweza kufidia dhahabu moja. Katika Michezo ya Tokyo, Kazakhstan ilipata shaba nane, bila dhahabu wala fedha, ikawa chini ya Bermuda iliyokuwa na dhahabu moja peke yake. Kwa utaratibu huohuo, Kenya yenye medali 11 ilikuwa juu ya Brazil yenye medali 20 kule Paris, kwa sababu Kenya ilikuwa na dhahabu nne na Brazil tatu. (Jirani yangu hakulalamikia mstari huo.)

Jumla ya medali nayo hukosea kwa upande wa pili, kwa kuwa huihesabu shaba sawasawa na dhahabu. Mwaka 1968 mabondia wetu walileta fedha moja na shaba moja kutoka Meksiko. Mwaka 2012 Stephen Kiprotich alileta dhahabu ya marathoni kutoka London, na haikupatikana medali nyingine. Kwa jumla ya medali, mwaka 1968 ulikuwa bora kuliko 2012, hukumu ambayo sidhani Mganda yeyote aliyeutazama ushindi ule wa Kiprotich ataikubali.

Dhana: Kuna utaratibu mmoja rasmi.

Haupo: Mkataba wa Olimpiki unasema mashindano ni kati ya wanamichezo, si kati ya nchi, na kila mpangaji huchagua utaratibu wake. Mwaka 2008 China ilikuwa na dhahabu nyingi zaidi na Marekani ilikuwa na medali nyingi zaidi, na vyombo vingi vya habari vya Marekani, vikipanga kwa jumla ya medali, viliiweka nchi yao juu.

Dhana: Tukitoa alama, ubishi utakwisha.

Tujaribu. Tukitoa alama 3 kwa dhahabu, 2 kwa fedha na 1 kwa shaba, Uganda inapata 5, na Jamhuri ya Dominika inapata 5. Tukitoa 4, 2 na 1, zinalingana tena kwa alama 6. Tukitoa 5, 3 na 1, Uganda inaongoza kwa 8 dhidi ya 7. Medali ni zilezile. Kilichobadilika ni uzito ambao mpangaji ameuchagua mwenyewe, na ubishi umehamia huko.

Tena alama hazijui kila shaba ilivyopatikana. Shaba zote mbili za Jamhuri ya Dominika zilitoka kwenye ngumi, ambako hakuna pambano la kutafuta mshindi wa tatu: mabondia wote wawili wanaoshindwa nusu fainali hupewa shaba. Katika mita 10,000 anayemaliza wa nne hurudi nyumbani mikono mitupu.