Kuwa nje ya silabasi hakulifanyi swali kuwa la mantiki

Nimeletewa tena rasimu ya mtihani wa kuwania ufadhili, na maelezo yaleyale: "Haya ni ya mantiki, hayamo kwenye silabasi." Swali la kwanza: metali zote hupitisha umeme, grafiti hupitisha umeme, je, grafiti ni metali? Majibu ni matatu: ndiyo, hapana, haijulikani.

Jibu kwa mujibu wa sentensi mbili hizo ni "haijulikani". Sasa mtoto aliyesoma kemia anajua kwamba grafiti ni kaboni, si metali, anachagua "hapana" na kukoseshwa kwa kusema kweli. Swali hili linapima kumbukumbu, tena linaiadhibu.

Dawa yake si kutafuta jambo geni zaidi, bali jambo ambalo maarifa hayasaidii wala hayaponzi. Kwa mfano: kila boksi la sabuni katika ghala hili lina alama nyekundu. Hapo natoa maswali manne. Boksi ni la sabuni: lina alama. Halina alama: si la sabuni. Lina alama: haijulikani kama ni la sabuni, maana la chumvi nalo huenda linayo. Si la sabuni: haijulikani kama lina alama. Nayachanganya yote manne, kwa sababu "haijulikani" ikiwa jibu la kila swali, watoto wataigundua upesi kuliko mantiki yenyewe.

Mwanzoni kisa hiki kilikuwa cha magari yenye mstari wa njano. Nikakiacha: mtoto wa Nairobi amezoea kuuona mstari huo kwenye matatu, basi angejibu kwa macho yake ya barabarani. Uvujaji wa namna hii unapimika. Wape wanafunzi wa majaribio swali na majibu yake, ufiche sentensi ya masharti. Kwa majibu matatu, wanaobahatisha watapata kama theluthi moja. Wakipita hapo kwa mbali, swali linajibika bila kufikiri, litupe.

Linalonisumbua bado ni lile swali la tatu, la boksi lenye alama. Mama akisema, "Ukiosha vyombo utakwenda kucheza," kila mtoto anaelewa kwamba asipoosha haendi, yaani aliyekwenda kucheza ameosha. Ndivyo tunavyozungumza, na ni akili timamu. Mtoto anayejibu kwamba boksi lenye alama ni la sabuni huenda hajashindwa kufikiri; amesoma sentensi kama watu wanavyosema. Aliyepelekwa tuisheni ameshaambiwa asome kwa herufi. Kwa hiyo naanza sehemu hiyo kwa agizo, "Tumia maelezo uliyopewa tu," na mifano miwili iliyojibiwa, mmoja ukiishia "haijulikani". Hilo linapunguza pengo, lakini sina hakika kwamba linaliziba.