Kuisoma rasimu ya mwenzako bila kuiandika upya

"Mwenzangu amenipa tafsiri yake nimsomee. Kila nikianza kusahihisha, najikuta nimeiandika upya yote. Nifanyeje nimsaidie bila kumpokonya kazi yake?"

Anza kwa kuficha matini chanzi. Isome rasimu ya Kiswahili peke yake, kama atakavyoisoma msomaji wake, na ushike penseli tu. Ukijikwaa, tia alama pembeni na uendelee, usisahihishe kitu. Raundi ya pili ndiyo ya kulinganisha na matini chanzi, sentensi kwa sentensi. Anayeanza kwa kulinganisha huwa ameshajitungia tafsiri yake kichwani, na kuanzia hapo kila neno la mwenzake linaonekana kosa.

Kisha ijaribu kila alama kwa swali moja: naweza kutaja madhara yatakayompata msomaji? Nichukue kipeperushi nilichopewa na mfasiri mwenzangu, cha kuwaelekeza kina mama wenye watoto wanaohara. Kilikuwa na sentensi kumi na nne, na nilitia alama tisa. Nilipozijaribu zilibaki tatu.

Ya kwanza ni saa. Rasimu ilisema "Kliniki iko wazi saa 8 hadi saa 3." Tarakimu zilihama kutoka Kiingereza kama zilivyo, ilhali kwa hesabu yetu ni saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Mama angefika saa 8 mchana akidhani ndiyo kwanza wanafungua, kumbe imebaki saa moja wafunge. Ya pili ilikuwa "Endelea kunyonya." Matini chanzi ilimtaka mama aendelee kumpa mtoto ziwa, lakini kwa kukosa kiambishi cha kutendesha, anayeambiwa anyonye ni mama mwenyewe. Ya tatu ni "Chukua kidonge kimoja cha zinki kila siku." Kidonge kinachukuliwa dirishani pa dawa. Mtoto anapewa. Isitoshe, sentensi haikusema kwa siku ngapi, na matini chanzi ilitaja siku 10.

Zile sita nyingine? Mwenzangu aliandika "anapoharisha", nami husema "anapohara". Aliandika "maji yaliyobaki", mimi ningeandika "yaliyosalia". Mama yeyote angeelewa vilevile. Nilizifuta, na nakiri iliniuma kidogo, kwa sababu sikio langu lilishazoea njia yake. "Masaa 24" ilinisumbua zaidi. Sarufi sanifu inataka "saa 24", ingawa "masaa" yametapakaa midomoni. Kama ofisi ina mwongozo wa mtindo, mwongozo ndio unaoamua, na unautaja kwenye maoni. Kama haupo, uliza mara moja tu, wala usiweke alama kila neno hilo linapojitokeza.

Maoni yenyewe yanahitaji kutaja mahali, kile ambacho msomaji ataelewa, na kile ambacho matini chanzi inataka. Basi. Kwa sentensi ya kunyonya niliandika hivi: "Sentensi ya 6: hapa mama ataona anaambiwa anyonye yeye. Chanzi kinataka aendelee kumpa mtoto ziwa." Mtendaji wa sentensi yangu ni msomaji. Sikuandika "umekosea", na sikuandika "hapa pameharibika", maana neno hilo halimwonyeshi afanye nini. Jibu pia sikumpa. Kwa saa nilimpa, kwa kuwa jibu ni moja tu na hakuna cha kumfanya afikirie.

Nilitaja pia jambo moja lisiguswe: "mpe kidogo kidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika 10 kisha uendelee." Lilikuwa limekaa vizuri mno. Mfasiri aliyepokea maoni hushikwa na wasiwasi, akaanza kubadilisha hata yaliyo mazima, kwa hiyo pongezi yenye mahali pake inalinda kazi.

Zipo rasimu ambazo njia hii haizifai. Nikimaliza ukurasa wa kwanza na karibu kila sentensi imepotosha maana, naacha kutia alama na kumpigia simu mwenye kazi. Mara nyingi nakuta alipewa siku moja, au matini chanzi yenyewe haieleweki, na maoni arobaini pembeni hayatibu lolote kati ya hayo. Tunachagua aya moja, tunaifanya pamoja, kisha anarudi kwenye zilizobaki kwa mkono wake.

Kipeperushi kilirudi kesho yake. Sentensi ya 6 ilisomeka: "Usimwachishe ziwa hata kama anaharisha." Mimi ningeandika "endelea kumnyonyesha" na kuridhika. Yeye aliwakumbuka kina mama wanaomnyima mtoto ziwa kwa kuhofia kwamba ndilo linalomharisha, akawajibu hao.