Je, wajua jina gani la Mungu linawafaa Wakristo na Waislamu wakikaa ukumbi mmoja?

"Nimeambiwa nifungue shughuli ya mtaa kwa maombi, watu ni mchanganyiko, nimwiteje Mungu ili mtu asijione katengwa?"

Sema Mungu au Mwenyezi Mungu, hapo huna shida kabisa. Mungu ni neno la Kibantu, halikuletwa na dini yoyote kati ya hizi mbili, ndo maana Biblia ya Kiswahili inalo toka mstari wa kwanza wa Mwanzo na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy inasema Mwenyezi Mungu. Wimbo wa taifa Tanzania unaanza "Mungu ibariki Afrika", Kenya "Ee Mungu nguvu yetu", na wote wanaimba bila mtu kusita. Muumba nalo linapita vizuri.

Majina mengine yanaegemea upande. Allah, Wakristo Waarabu wanalo kwenye Biblia zao, ila kwa Kiswahili watu wakilisikia wanajua ni Muislamu anaomba. Bwana nalo, Mkristo akilisikia anamuwaza Yesu moja kwa moja. Rabi ndo linachanganya zaidi, maana Muislamu akisema "ya Rabi" anamwita Mola wake, wakati Mkristo analijua kama mwalimu, wanafunzi walivyomwita Yesu kwenye Injili ya Yohana.

Lakini mara nyingi jina huwa sawa, kinachokwamisha ni maneno yanayofuata. Chukua ombi hili: "Mungu Baba yetu, tunakushukuru sisi wanao kwa kutukutanisha, tunaomba hayo katika jina la Yesu." Jina Mungu limo, ila Suratul Ikhlas inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, kwahiyo kwenye Baba na "wanao" Muislamu kashaachwa nyuma, na pale mwisho anatakiwa aitikie kitu asichokiamini. Ligeuze hivi: "Ee Mwenyezi Mungu, Muumba wetu sote, tunakushukuru sisi waja wako kwa kutukutanisha, tubariki na utupe amani." Unaishia hapohapo, na hapa mkristo hajalazimishwa kukana chochote, Yesu hajapingwa, hajatajwa tu. Muislamu naye akiombea wote aache kufunga dua kwa kumswalia Mtume, ni jambo lilelile.

Utajua umekosea ukisikiliza amina, ikitoka upande mmoja wa ukumbi na upande wa pili kimya, kuna neno limewakwaza.

Ila kama umemwalika padri na sheikh, tafadhali usiwapunguzie maneno, padri kuombea nje ya jina la Yesu ni kumnyima sala yake. Hapo panga dua mbili na MC atangaze kabisa, "tunaanza na dua ya Kiislamu, kisha sala ya Kikristo", ili kila mtu ajue wapi anaitikia na wapi anakaa kimya kwa heshima.