Simu inasoma, kaunta inakataa

Mama mmoja anayefungasha iliki na mdalasini wa Amani alinijia hapa Ngamiani na boksi zima lililorudishwa na duka. Akatoa simu, akaielekeza kwenye bakodi ya lebo, namba ikatokea. "Sasa mwanangu, mbona hii inasoma?"

Simu ina huruma, inaona rangi zote. Skana nyingi za kaunta humulika mwanga mwekundu tu, na mistari ya lebo zile ilikuwa ya rangi ya tofali juu ya karatasi ya kaki. Kwenye mwanga huo wino mwekundu hung'aa sawa na karatasi, kwa hiyo skana haioni mstari wowote. Tukachapa upya, nyeusi juu ya nyeupe.

Bado kadhaa zikagoma. Hapa ndipo wengi hulaumu printa bure.

Printa yangu ya joto ina nukta 8 kwa milimita (ile inayoandikwa 203 dpi). Bakodi ya EAN-13 ya saizi kamili ina mstari mwembamba wa mm 0.33, yaani nukta 2.64. Nukta haikatwi vipande. Picha aliyoletewa na mchoraji wake ilipofika kwenye printa, mistari iliyopaswa kulingana ikatoka mmoja nukta 2, mwingine 3, na skana husoma kwa kulinganisha unene. Nikafuta picha, nikaiacha printa ichore yenyewe, upana wa mstari mwembamba ukiwekwa nukta 3 kwa amri hii ya ZPL, lugha ya printa za lebo:

```
^BY3
```

Mstari ukawa mm 0.375, kama asilimia 114 ya saizi kamili. Kinachoruhusiwa ni 80 hadi 200. Lakini bakodi nzima, pamoja na nafasi nyeupe ya mistari myembamba 11 kushoto na 7 kulia, inakula mm 42.4, na rola lake lilikuwa la mm 40. Kushuka nukta 2 ni asilimia 76, chini ya kiwango. Kubana ile nafasi nyeupe ndiyo dhambi kubwa zaidi, maana skana haijui bakodi inaanzia wapi. Akanunua rola la mm 50, kwa kunung'unika.

Kilichobaki ni weusi. Watu hupandisha joto wakidhani nyeusi zaidi ni bora, kumbe mistari huvimba na kumeza nafasi zilizo kati. Nilichapa lebo tano, kila moja joto likipanda kidogo, nikazitazama kwa lenzi. Ya kwanza ilikuwa na vitobo vyeupe ndani ya mistari. Ya tano ilikuwa imevimba. Nikachukua ya pili: nyeusi imeshiba, na nafasi nyembamba ina upana uleule wa mstari mwembamba. Kwa QR natazama hivyohivyo, ila nafasi nyeupe huko ni miraba 4 pande zote.

Ukiona uzi mweupe umenyooka lebo hadi lebo, palepale, usiguse joto. Futa kichwa cha printa kwa pamba na spiriti. Usipoondoka, nukta hiyo imekufa.