Uwiano wa deni na uwezo wa kumudu riba: kiwanda cha alizeti kilichokopa ili kipanuke

Ukiambiwa kiwanda fulani cha kukamua alizeti hapa Dodoma kinadaiwa na benki shilingi bilioni 1.8, bado hujaambiwa kitu. Kuna kiwanda kitakachobeba deni hilo bila kutoka jasho, na kuna kingine kitakachofunga milango kabla ya msimu ujao. Anayetaka kujua ana kiwanda cha aina gani mbele yake huuliza maswali mawili. Kwanza, katika fedha za kudumu zinazoendesha kampuni hii, za kukopa ni kiasi gani na za wenyewe ni kiasi gani? Jibu lake ni uwiano wa deni, ambao wahasibu tumezoea kuuita giaringi. Pili, faida inayotokana na kazi yenyewe inatosha kulipa riba ya mwaka mara ngapi? Huo ndio uwezo wa kumudu riba.

Neno giaringi limetoka kwenye gia, na ukiiangalia baiskeli utaelewa kwa nini. Pedali huzungusha gia kubwa, mnyororo huzungusha gia ndogo ya nyuma, na pedali ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka zaidi ya mara moja. Mkopo hufanya vivyo hivyo kwa faida ya mwenye kampuni: biashara ikisogea kidogo, fungu lake yeye husogea sana. Ila gia ya baiskeli hukuza mwendo wa kwenda mbele, na ya mkopo hukuza pia wa kurudi nyuma.

Hesabu zenyewe ni fupi:

```
Uwiano wa deni = Mikopo ÷ (Mikopo + Mtaji wa wenyewe) × 100
Kumudu riba    = Faida kabla ya riba na kodi ÷ Riba ya mwaka
```

Wapo wanaogawanya mikopo kwa mtaji wa wenyewe peke yake. Si kosa, lakini kampuni ileile ya asilimia 64 kwa njia ya juu itasomeka asilimia 180 kwa njia hiyo. Kabla ya kulinganisha kampuni mbili, uliza kila mmoja amegawa kwa nini.

Sasa tuchukue kiwanda. Nimekitunga mwenyewe, na tarakimu zote ni mamilioni ya shilingi, lakini umbo lake nimelikuta kwenye mafaili zaidi ya mara moja. Kipo upande wa Kizota, kina mashine chache za kukamua, na huuza mafuta yasiyosafishwa pamoja na mashudu kwa wafugaji. Mtaji wa wenyewe, yaani hisa na faida zilizobakizwa miaka yote, ni 900. Mkopo wa muda mrefu ni 300 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Faida ya uendeshaji ni 240. Uwiano wa deni ni 300 kwa 1,200, yaani asilimia 25. Riba ni 48, kwa hiyo faida inailipa mara 5. Ukienda na vitabu hivi benki, wanakuagizia chai.

Na benki ikatoa. Mwenye kiwanda alitaka mtambo wa kusafisha mafuta na ghala kubwa, ili asiuze tena mafuta ghafi kwa bei ya kutupa. Akakopa 1,500 zaidi, kwa riba ileile, na deni lote likapangiwa marejesho ya miaka 6. Mtaji wake ulikuwa umefika 1,000. Mikopo ikawa 1,800, uwiano wa deni ukaruka hadi asilimia 64, na riba ya mwaka ikawa 288. Andiko la mradi lilisema faida ya uendeshaji itafika 620. Ingefika, riba ingelipwa mara 2.2 hivi; si raha kama zamani, lakini pumzi ipo.

Haikufika. Alizeti ya kanda hii hupandwa na mvua za Desemba na Januari, huvunwa kuanzia Mei, na kiwanda kisichonunua mbegu za kutosha miezi hiyo kitakaa na mtambo mpya unaong'aa huku wafanyakazi wakifagia sakafu. Mtambo ulichelewa kufungwa, mbegu zikagombewa, na mafuta ya mawese kutoka nje yakaibana bei sokoni. Faida ya uendeshaji ikaishia 340. Angalia vizuri: imepanda kutoka 240. Mtu wa mauzo atakuambia kampuni imekua kwa karibu asilimia 42, na hasemi uongo. Lakini 340 kwa 288 ni mara 1.18.

Hapo ndipo gia inapoonekana. Zamani, faida ya uendeshaji ikishuka asilimia 10, kutoka 240 hadi 216, kinachobaki baada ya riba kilishuka kutoka 192 hadi 168, yaani asilimia 12.5. Sasa mshuko uleule wa asilimia 10, kutoka 340 hadi 306, unashusha kinachobaki kutoka 52 hadi 18. Asilimia 65 imekwenda. Mshuko ukifika asilimia 15 na kitu, riba imekula kila kitu. Katika biashara inayotegemea mvua ya msimu mmoja kwa mwaka, asilimia 15 ni mwaka wa kawaida tu. Ndiyo maana sipendi kuambiwa kwamba uwiano wa deni fulani ni mbaya popote ulipo. Kampuni yenye wateja wanaolipa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, inaweza kukaa na asilimia 64 ikalala usingizi. Kiwanda cha alizeti hakiwezi.

Kumudu riba nako kuna jambo kunaloficha: hakugusi marejesho ya mkopo wenyewe. Kiwanda chetu kinatakiwa kurejesha 300 kila mwaka juu ya riba. Fuata fedha taslimu. Faida ya uendeshaji 340, ongeza uchakavu wa mitambo 160 kwa sababu ni gharama ya kwenye vitabu isiyotoka mfukoni, unapata 500. Toa riba 288 na kodi ya kampuni ya asilimia 30 juu ya ile 52, yaani kama 16. Imebaki 196. Rejesho ni 300. Pungufu 104, na hapo hajanunua hata gunia moja la mbegu za msimu ujao. Kwa hiyo mara 1.18, inayosomeka kana kwamba riba inalipika na chenji inabaki, ni ya kampuni ambayo tayari inatafuta mkopo wa kulipia mkopo. Mara nyingi mwaka wa kwanza haujionyeshi, kwa sababu benki huruhusu miezi ya ujenzi ulipe riba tu. Marejesho yakianza ndipo simu zinaanza.

Na usitegemee kuiona ile 1.18 kwenye taarifa za fedha moja kwa moja. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, IAS 23, vinataka riba ya mkopo uliojenga mtambo, kwa kipindi cha ujenzi, iingizwe kwenye gharama ya mtambo badala ya kutolewa kwenye faida ya mwaka. Tuseme katika ile 288, 90 ni ya miezi ya ujenzi. Taarifa ya mapato itaonyesha riba 198, na ukigawa utapata mara 1.7. Hakuna aliyeiba wala kudanganya, lakini benki imepokea 288. Tafuta maelezo ya riba kwenye kurasa za nyuma, au angalia riba iliyolipwa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ndipo ugawe.

Mtego wa pili ni wa Dodoma hasa. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, bei za viwanja zimekwenda ambako wengi hatukutarajia. Kiwanda chetu kina kiwanja jirani kilichonunuliwa zamani kwa 60, kwa ajili ya ghala la pili ambalo halijajengwa. Mwenyewe hukitaja kila tunapokaa. "Mhasibu, wewe unanitisha na asilimia 64, lakini kile kiwanja leo ni milioni 560." Anamleta mthamini, mthamini anathibitisha, na ongezeko la 500 linaingia kwenye mizania. Ukitenga 150 ya kodi itakayodaiwa siku ya kuuza, mtaji wa wenyewe umepanda kwa 350 hadi 1,350. Uwiano wa deni umeshuka kutoka asilimia 64 hadi 57. Hakuna shilingi iliyoingia wala kutoka, na deni ni lilelile.

Riba nayo ni ileile 288, faida ileile 340, mara ileile 1.18. Ndiyo sababu ya kusoma vipimo hivi pamoja. Mthamini anaweza kukipunguza cha kwanza kwa ripoti moja. Cha pili hakimjui. Ukiona uwiano wa deni umeboreka ghafla huku kumudu riba kumekaa palepale au kumeshuka, fungua ukurasa wa mtaji uangalie kama kuna akiba ya uthamini. Afisa mikopo atakifurahia kiwanja, maana kwake ni dhamana, kitu cha kuuza mambo yakiharibika. Kwako unayetaka kujua kama kampuni itafika mwakani, kiwanja kilichokaa hakilipi rejesho.

Kikiuzwa, habari inabadilika. Chukua kiwanja kilekile, kiuzwe 560. Kodi ya ongezeko inachukua 150, dalali na mambo madogo 10, zinabaki 400, zote zinapelekwa benki kupunguza mkopo. Mikopo sasa ni 1,400. Mtaji wa wenyewe ni 1,340, kwa sababu kiwanja cha 60 kimegeuka fedha 400. Uwiano wa deni ni asilimia 51. Riba imeshuka hadi 224, na faida ileile ya 340 sasa inailipa mara 1.5. Rejesho la mwaka likipangwa upya kwa miaka ileile 6 ni kama 233. Fedha taslimu ni 500, toa riba 224, toa kodi kama 35, zinabaki 241.

Pengo la 104 limekuwa ziada ya 8. Milioni 8 ni mzigo mdogo wa mbegu, na mvua ikikata Februari hazitoshi kitu. Mwenye kiwanda hakutaka kusikia habari ya kuuza. Alisema kiwanja kitafika bilioni. Huenda kikafika. Rejesho la kwanza ni mwezi wa tisa.